Gemu ilianza kujifunga baada ya apdeti: barua niliyowaandikia sapoti na ushahidi nilioambatanisha

Wenye mabanda ya gemu za kompyuta mtanielewa haraka. Gemu moja ya risasi, ambayo ndio inaniingizia hela kuliko zote hapa bandani kwangu Sinza, ilipata apdeti kubwa, na kuanzia hapo nusu ya mashine zangu zikawa zinaitupa nje. Unaingia kwenye mechi, ramani inapakia vizuri, unatembea kidogo, skrini inaganda kama nusu sekunde alafu paap, umerudi desktopu, hamna hata meseji ya kukuambia kimetokea nini. Nusu nyingine ya mashine inapiga kama kawaida mpaka tunafunga usiku. Jina la gemu na la kampuni siliweki, halibadilishi kitu. Ninachotaka muone ni ile barua niliyowaandikia sapoti ilivyokaa mpaka ikavuka kwa yule anayejibu wateja ikamfikia mtu anayeandika kodi ya gemu yenyewe, na kabla ya barua yenyewe ilibidi nijue nini.

Mashine ninazo sita. Zote ni yuzidi zilizotoka maofisini huko nje, nimezinunua Kariakoo. Tatu ni HP Compaq Elite 8300 zenye proseza ya Core i5-3470, tatu ni HP EliteDesk 800 G1 zenye Core i5-4590. Vingine vyote nilivifananisha makusudi ili nisihangaike, ramu GB 16 kila moja, Windows 10, na kadi ya grafiki GTX 1050 Ti ile fupi, maana yenyewe haitaki waya wa pembeni wa umeme, inakula Wati zake 75 hapohapo kwenye sloti na inaenea kwenye hayo makasha membamba. Zilizokuwa zinatupa gemu nje ni 8300 zote tatu. 800 G1 hamna hata moja.

Vijana wakawa wananiambia "kaka hizo za ukutani zimechoka, piga chini". Fundi wangu akasema ni powa saplai, umeme unapanda na kushuka, zimeshaanza kufa. Nilimheshimu lakini nilikataa, na sababu yangu ni hii: powa saplai ikiwa mbovu mashine nzima inazima au inajiwasha upya, na inafanya hivyo muda wowote, hata ukiwa unaangalia video. Hizi zilikuwa haziizimi Windows, zinaifunga gemu tu, na zote tatu zilianza siku moja, siku ya apdeti. Vitu vitatu kuchakaa kwa siku moja, kwa namna moja, kwenye gemu moja, mi sikubali.

Sasa kabla sijaandika chochote nilifungua Event Viewer. Wengi hawaijui na ipo kwenye kila Windows, andika tu jina lake kwenye sehemu ya kutafutia, ingia Windows Logs, alafu Application, shuka mpaka saa ile gemu ilipojifunga, utaona mstari wenye alama nyekundu na Event ID 1000. Ukiufungua kuna maelezo mengi ila mistari minne ndio ya kushika. Yangu ilikuwa hivi, jina la gemu nimebadilisha:

```
Faulting application name: Mchezo.exe
Faulting module name: Mchezo.exe
Exception code: 0xc000001d
Fault offset: 0x0000000001a4c7f2
```

Hiyo namba ya tatu ndio iliyonikalisha kwenye kiti. Gemu zikijifunga mara nyingi utakutana na 0xc0000005, yenyewe ina maana programu imegusa sehemu ya memori ambayo sio yake, na hiyo inaweza kusababishwa na vitu kibao, draiva, ramu mbovu, faili bovu, kosa la kodi, yaani haikusogezi mbali. 0xc000001d ni nyingine kabisa. Hii ina maana proseza imepewa amri ambayo haiijui. Sio kwamba imeshindwa kuifanya au imechoka, haiijui, haijawahi kuwa nayo. Proseza inasimama, inaiambia Windows "hii sio yangu", Windows inaifunga programu.

Mstari wa nne ndio unaotofautisha bahati mbaya na kosa la kweli. Fault offset ni mahali ndani ya faili la gemu ambapo kitu kilifia, unahesabiwa kuanzia mwanzo wa faili lenyewe likiwa kwenye memori, kwa hiyo hata Windows ikilipakia sehemu tofauti kila ukifungua, hiyo namba haibadiliki kama kosa ni lilelile. Nikaenda mashine ya pili, namba ileile. Ya tatu, ileile mpaka tarakimu ya mwisho. Ramu mbovu haiwezi kufanya hivyo kwenye mashine tatu. Joto pia haliwezi. Ungekuta namba zinarukaruka, leo hapa kesho pale, na kodi nazo zinabadilika, hapo ndio ningemrudia fundi tuongee habari ya ramu na powa saplai.

Ila nilijua nikituma hivyo tu nitajibiwa nini. Wanaopokea barua za wateja kwenye kampuni za gemu sio waliotengeneza gemu. Wapo watu wa mstari wa mbele, wanapokea tiketi nyingi sana kwa siku na wana majibu yaliyoandikwa tayari: sasisha draiva, hakiki mafaili ya gemu, zima programu zingine, futa gemu uifunge upya. Siwalaumu, tiketi nyingi kweli zinaisha hapo. Lakini kufunga upya gemu ya GB 60 kwa bando la hapa mjini ni hela ya kula nyumbani, siwezi kuifanya kwa ajili ya kumridhisha mtu. Kwa hiyo nikaamua kila kitu atakachoniambia nifanye nikifanye kabla, au nitafute kipimo kingine kinachojibu swali lilelile kwa bei rahisi.

Cha mafaili ndio mfano mzuri. Swali lake ni moja tu, je faili la gemu kwenye mashine inayojifunga ni zima? Mi ninayo mashine pembeni ambayo gemu inapiga vizuri, si nilinganishe tu. Windows ina kifaa chake cha kupiga alama ya faili, unaandika hivi kwenye Command Prompt ukiwa ndani ya folda la gemu:

```
certutil -hashfile Mchezo.exe SHA256
```

Inakutolea mstari mrefu wa herufi na namba. Faili likitofautiana hata kwa herufi moja ndani, mstari wote unabadilika. Nilipiga kwenye 8300 na kwenye 800 G1, zikatoka sawasawa. Kwa hiyo faili ni lilelile, huku linafia, kule linapiga. Hamna haja ya kupakua GB 60.

Cha draiva na kadi ya grafiki nilikimaliza kwa mikono. Nilitoa kadi kwenye 8300 nikaihamishia kwenye 800 G1, na ya 800 G1 nikaileta huku. Kama tatizo lipo kwenye kadi, lingehama nayo. Halikuhama. Ile kadi "mgonjwa" ilipiga gemu vizuri kule, na kadi "nzima" ikatupwa nje huku. Dogo mmoja aliyekuwa ananishikia bisibisi akasema "kumbe sio kadi bro", nikamwambia sasa andika hivyohivyo kwenye daftari, tarehe na saa. Ramu nazo nilizibadilishana vilevile, matokeo yaleyale.

Tofauti iliyobaki ikawa proseza na ubao wake. Hapo nikashusha CPU-Z, ni kaprogramu kadogo ka bure, ukikafungua ukurasa wa kwanza tu kuna sehemu imeandikwa Instructions, inataja makundi ya amri ambayo proseza yako inazijua. Kwenye i5-4590 orodha ina AVX, AVX2 na FMA3. Kwenye i5-3470 ina AVX, basi, inaishia hapo.

Nieleze kidogo maana hapa ndio kiini. Proseza ina amri za kawaida za kujumlisha namba moja na moja, alafu ina amri za kufanya kazi kwa mkupuo, namba kadhaa kwa pigo moja. AVX ilikuja kwenye proseza za Intel mwaka 2011, kizazi cha pili, ikaleta mkupuo wa biti 256 lakini kwa namba zenye desimali. Namba kamili zikabaki kwenye mkupuo mdogo wa biti 128 mpaka AVX2 ilipokuja mwaka 2013 na kizazi cha nne. i5-3470 ni ya mwaka 2012, kizazi cha tatu, iko katikati, ina AVX haina AVX2. Kwa upande wa AMD wenye Ryzen za aina yoyote msiwe na wasiwasi, zote zinayo. Wenye Pentium na Celeron ndio muangalie vizuri, Intel waliziacha bila hizo amri hata kwenye vizazi vilivyokuja baada ya cha nne, kwa hiyo kizazi peke yake hakikupi jibu, fungua CPU-Z usome.

Swali likawa, kama gemu inataka AVX2, kwa nini inafunguka na kupakia ramani na kutembea? Kwa sababu amri ambayo proseza haiijui haina madhara mpaka ifikiwe. Kampuni ingejenga gemu nzima kwa AVX2, ingekufa pale unapobonyeza ikoni. Hii ilikuwa na kipande kimoja tu, kwa hiyo kazi yangu ikawa kukitafuta hicho kipande kinaitwa lini. Nikaingia sehemu ya mazoezi ambayo huchezi na watu, na kule unaruhusiwa kuchagua ramani na hali ya hewa. Jua, inapiga. Usiku, inapiga. Ukungu, inapiga. Mvua, paap. Ramani nyingine na mvua, paap. Kwenye ramani ya ndani ya jengo, ukiweka mvua inapiga mpaka utoke nje mlangoni matone yaanze kuonekana, hapohapo inakufa. Na tangazo la ile apdeti lilisema wameboresha mvua iwe na matone mengi zaidi. Ndio maana kwenye mechi za onlaini ilionekana kama inajifunga ovyoovyo, kule hali ya hewa inachaguliwa na seva, mchezaji haioni inakuja.

Hii ya kupata njia ya kulizalisha kosa kwa hiari yako ndio inayobeba barua yote. Fundi wao hawezi kurekebisha kitu ambacho hajakiona, na hawezi kukaa anacheza mechi mpaka inyeshe. Ukimwambia sehemu ya mazoezi, ramani fulani, mvua, sekunde kadhaa, anakwenda kuthibitisha kabla chai yake haijapoa.

Kikabaki kitu kimoja, kuiona ile amri yenyewe. Windows inaweza kukuhifadhia picha ya programu ilivyokuwa wakati inakufa, inaitwa faili la damp, mwisho wake ni .dmp. Kwa kawaida haihifadhi, unaiwasha kwa amri moja ukiwa umefungua Command Prompt kama msimamizi:

```
reg add "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\Windows Error Reporting\LocalDumps\Mchezo.exe" /v DumpType /t REG_DWORD /d 1
```

Ile 1 mwishoni ni damp dogo, MB chache tu. Ukiweka 2 inahifadhi memori yote ya programu, utapata faili la GB kadhaa ambalo huwezi kulituma na hupaswi kulituma bila kuombwa. Gemu ikijifunga tena faili linakaa kwenye `%LOCALAPPDATA%\CrashDumps`. Nililifungua kwa WinDbg, ni ya bure, ipo Microsoft Store, nikaandika amri mbili, ya kwanza inakurudisha kwenye sekunde ya kifo, ya pili inakuonyesha amri iliyokuwa inafanyika:

```
.ecxr
u @rip L1
```

Ikatoka `vpaddd ymm0,ymm1,ymm2`. Kujumlisha namba kamili, na hizo ymm ni zile za biti 256. Namba kamili kwa biti 256, yaani AVX2 mtupu. Nilikaa naiangalia ile laini kwa raha ya ajabu, maana ilikuwa imefunga kila mlango.

Angalizo kwa wenzangu, usije ukaifungua WinDbg ukaishikisha kwenye gemu ya onlaini ikiwa inatembea. Mifumo ya kuzuia udanganyifu kwenye gemu inaweza kukuona kama unachezea gemu na akaunti ikafungiwa. Damp linasomwa gemu ikiwa imeshakufa, halina shida. Na kitu kingine, mashine za banda zinaingia akaunti za wateja. Damp linaweza kubeba vipande vya memori vyenye jina la akaunti au funguo za kuingilia, na logi zina njia za mafaili zenye jina la mtumiaji wa Windows. Mi nilizalisha kosa kwa akaunti yangu mwenyewe, kwenye Windows ya jina la kawaida tu, na damp nikalituma kwenye tiketi rasmi peke yake, sio kwenye magrupu.

Barua yenyewe niliiandika kwa Kiingereza, hapa naiweka kwa Kiswahili, nimepunguza vitu vidogovidogo:

"Kichwa: Gemu inajifunga kila mvua inapoanza tangu apdeti ya sasa, kwenye proseza zisizo na AVX2 (0xc000001d)

Habari. Tangu apdeti ya sasa gemu inajifunga yenyewe mvua inapoonekana, kwenye kompyuta zangu tatu zenye Intel Core i5-3470. Kwenye kompyuta tatu zenye i5-4590, kadi ileile, draiva ileile na Windows ileile, haijifungi. Kabla ya apdeti zote sita zilikuwa sawa. Ukurasa wenu wa gemu bado unataja Core i5 ya kizazi cha tatu kama kiwango cha chini kinachokubalika.

Namna ya kulizalisha: fungua gemu, ingia Mazoezi, chagua ramani yoyote ya nje, weka hali ya hewa Mvua, anza. Ndani ya sekunde 10 inajifunga bila ujumbe. Imetokea mara 10 kati ya 10 kwenye kila moja ya hizo tatu. Ukiweka Jua, Usiku au Ukungu haitokei.

Nimeshafanya haya: draiva ya grafiki ni ya karibuni na ni sawa kwenye mashine zote, namba yake ipo kwenye faili la dxdiag. Faili la gemu lina alama ya SHA256 inayofanana kwenye mashine inayojifunga na isiyojifunga, kwa hiyo halijaharibika. Nimebadilishana kadi za grafiki na ramu kati ya aina mbili za mashine, tatizo limebaki kwenye mashine zenye i5-3470. Proseza hazijaongezwa kasi. Kushusha ubora wa picha mpaka mwisho hakusaidii.

Kinachoonekana: Event ID 1000, kodi 0xc000001d, moduli ni faili lenu kuu la gemu, offset 0x0000000001a4c7f2 kwenye mashine zote tatu. Damp linaonyesha amri vpaddd kwa rejista za ymm.

Ninavyodhani, na hili ni dhana yangu: kodi mpya ya mvua inatumia AVX2 bila kuiuliza proseza kwanza kama inayo.

Nimeambatanisha zipu moja: damp dogo kutoka kila mashine, logi ya gemu, tukio la Event Viewer, dxdiag ya aina zote mbili za mashine, na skrinshoti za CPU-Z. Tukio lililomo kwenye logi ni la saa 20:14 kwa saa za Dar es Salaam, yaani 17:14 UTC kama logi yenu inavyoandika. Niko tayari kujaribu toleo lolote la majaribio mtakalonipa."

Basi. Niwaeleze kwa nini imekaa hivyo. Kichwa kina lini, wapi na kodi, kwa sababu wa mstari wa mbele anaamua apeleke tiketi kwa nani kwa kusoma kichwa. Kodi na offset nimeziweka ndani ya barua ingawa zipo kwenye zipu, kwa sababu zipu huenda asiifungue, na fomu nyingi zinakataa .dmp ikiwa peke yake. Ile sentensi ya kiwango cha chini kwenye ukurasa wao niliiweka mapema makusudi, bila hiyo jibu lingekuwa mashine zako ni za zamani, kwaheri. Muda nimeuandika kwa saa 24 na kwa UTC, maana ningeandika saa mbili na dakika 14 usiku wangetafuta kwenye logi saa ambayo haipo. Na dhana nimeitenganisha na ushahidi, fundi akiona dhana imechanganywa na ushahidi anaanza kuvitilia shaka vyote viwili. Hasira ya wateja niliopoteza sikuiweka. Ilikuwepo, tena nyingi, ila haimsaidii mtu kutafuta kosa.

Kuhusu logi ya gemu, msiiamini sana mistari yake ya mwisho. Gemu huwa inakusanya mistari kwanza kwenye memori ndio inaiandika kwenye diski, ikifa ghafla mistari ya mwisho inaweza kufa nayo. Yangu iliishia kwenye "ramani imepakiwa", hamna hata neno mvua. Ningeifuata logi peke yake ningewaambia tatizo ni la kupakia ramani, na wangepoteza muda kule.

Jibu la kwanza lilikuja kesho yake na lilikuwa lile la tayari, sasisha draiva, hakiki mafaili, futa ufunge upya. Nilikuwa nimelitegemea. Sikufungua tiketi mpya, tiketi mpya inaanzia mwisho wa foleni na historia yote inabaki nyuma. Nikajibu palepale kwa upole kwamba hayo yote yapo aya ya tatu pamoja na matokeo yake, na kwamba kodi 0xc000001d inahusu amri za proseza, hivyo naomba iende kwa timu ya ufundi. Mtu mwingine kabisa akajibu, na huyu alikuwa ameisoma. Akauliza swali moja tu: je, ukiwa ndani ya jengo na mvua ipo nje lakini huioni, inajifunga? Nikafurahi sana kwa sababu hilo swali haliulizwi na mtu anayesoma majibu ya tayari. Nikamweleza habari ya mlango.

Muda wote huo sikukaa nasubiri. Hiyo gemu niliiondoa kwenye 8300 zote nikaiacha kwenye 800 G1 tu, 8300 zikawa za mpira na za magari, foleni ikawa ndefu jioni, wateja wengine wakahamia kwa jirani, sikuwa na la kuwaambia zaidi ya "apdeti ina kosa, nimeshawaandikia".

Marekebisho yalikuja kwenye apdeti ndogo iliyofuata. Kwenye maelezo yake kulikuwa na mstari mmoja, wamerekebisha gemu kujifunga wakati wa mvua kwenye proseza zisizo na AVX2. Nilipojaribu mvua ikanyesha kwenye zote tatu, ila nikaona kwenye 8300 fremu zinashuka kidogo kuliko wakati wa jua, na hiyo inaeleweka, sasa kipande cha mvua kina njia mbili, ya haraka kwa wenye AVX2 na ya zamani kwa wasio nayo, proseza inaulizwa kwanza ndio inachaguliwa njia. Yule mtu wa pili alinifungia tiketi kwa ujumbe mfupi wa shukrani, na akaniambia wazi kwamba toleo kubwa lijalo kiwango cha chini kitapanda na AVX2 itakuwa lazima.

Kwa hiyo 8300 zangu kwenye hii gemu zinaishi kwa muda tu. Na huwezi kuchomoa proseza ukaweka ya kizazi cha nne, soketi ni tofauti, 8300 ni LGA1155 na kizazi cha nne kinakaa LGA1150, inabidi ubadilishe mashine nzima, kadi na ramu ndio unahama nazo. Nimeshaanza kuongea na muuzaji wangu Kariakoo. Akiwasha mashine mi nachomeka flashi yenye CPU-Z, nasoma ile sehemu ya Instructions, AVX2 isipokuwepo hata bei hatuongei.